Kidole cha Mwisho Hakikufa Ganzi

Saa nane za usiku, mara nyingine saa tisa kasoro, ndipo mkono wangu wa kulia ulipokuwa ukiniamsha. Si maumivu hasa. Ni kama mkono umejaa mpaka ngozi haiutoshi, vidole vimekuwa vinene kama mihogo, na ndani yake sisimizi wanapanda na kushuka. Nikiwasha taa nikauangalia, haukuwa umevimba hata kidogo. Nakaa kitako kitandani, nauning'iniza na kuukung'uta kama mtu anayekung'uta maji baada ya kunawa, na baada ya dakika mbili tatu unatulia. Nalala. Alfajiri, kabla ya adhana, unaniamsha tena.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na mwaka huu natimiza miaka 22 kwenye kazi. Nashona sare za shule. Anayeijua kazi hii anajua kwamba sare haina mwaka mzima. Ina Novemba, ina Desemba, ina wiki mbili za mwanzo za Januari, basi. Miezi hiyo fundi hulala na uzi mdomoni. Msimu wa mwaka juzi nilipokea sketi za marinda 94, ukiacha mashati na kaptula za kaki, na ndio msimu mkono uliponigeukia.

Dawa nilipewa nyingi na watu wasio na hospitali. Shangazi yangu alisema ni baridi yabisi, nikapakwa mafuta ya karafuu ya moto jioni na kufungwa kipande cha kanga. Jirani akasema ni gesi. Mteja mmoja akanishauri kwa sauti ya chini nimwone mtu wa Amboni anayesoma kwenye maji. Mimi mwenyewe niliamini damu haitembei, kwa sababu nikikung'uta inarudi; hoja ilionekana imekamilika. Nikanunua diklofenaki duka la dawa, nikameza wiki mbili. Tumbo likaanza kuwaka moto, vidole vikaendelea na safari yao ya usiku kama kawaida. Zahanati niliyokwenda kwanza waliniongezea vidonge vingine vya maumivu bila kuugusa huo mkono.

Kilichonifungua macho ni chandarua. Usiku mmoja nilikuwa nakichomeka chini ya godoro, na mkono ulikuwa umeshakufa. Gumba halihisi kitu, shahada halihisi kitu, cha kati ni gogo. Lakini kidole cha mwisho, kile kidogo, kilikuwa kinayahisi matundu ya chandarua moja moja. Nikashangaa. Nikachukua pini kwenye kikopo changu, nikageuza upande wa kichwa, nikaanza kujigusa kidole baada ya kidole. Kwenye kidole cha pete ndipo nilipodhani nimechanganyikiwa: upande unaotazamana na kidole cha kati ulikuwa umekufa, upande unaotazamana na kidole kidogo ulikuwa mzima. Kidole kimoja, nusu mfu nusu hai, kana kwamba mtu amekipiga mstari wa chaki katikati.

Sikumwambia mtu. Niliona watanicheka.

Wiki iliyofuata nikaangusha mkasi. Mkasi wenyewe ni ule mzito wa inchi 10, ukianguka kwenye sakafu ya saruji mtaa mzima unasikia. Asubuhi nyingine nikawa nashindwa kushika kifungo nikakitia tundu, kinateleza kama samaki. Hapo nikaogopa, maana fundi asiyeweza kushika kifungo atakula nini? Nikapanda baiskeli mpaka hospitali, na daktari aliponisikiliza akanielekeza chumba cha mazoezi ya viungo. Humo nilimkuta kijana mdogo, umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Usiku ukiamka na hiyo ganzi, unafanya nini?"

Nikamwonyesha. Nikaukung'uta mkono mbele yake. Akatabasamu, akaandika kitu kabla hata sijamaliza. Baadaye aliniambia kwamba huo mkung'uto peke yake humwambia mengi, kwani watu wenye tatizo hili huufanya bila kufundishwa na mtu. Kisha akanipa karatasi yenye picha ya kiganja na kalamu nyekundu. "Nipakie rangi mahali panapokufa ganzi." Nikapaka gumba, shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Nilipofika kwenye ile nusu nikasita, nikamwambia najua haileti maana.

"Mama," akasema, "hiyo nusu ndiyo inayoleta maana kuliko vyote."

Akanieleza. Ngozi ya gumba, shahada, kidole cha kati na ile nusu ya kidole cha pete hupeleka habari zake kwa mshipa mmoja wa fahamu unaoitwa mediani, unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete wana mshipa wao mwingine, na huo hupita njia nyingine pembeni. Kwa hiyo tatizo si damu. Damu ikikatika haichagui nusu ya kidole. Mshipa mmoja ulikuwa unabanwa, na mahali ulipobanwa palionekana kwenye ramani niliyoichora mwenyewe. Jina la ugonjwa alilitamka kapal tanel.

Akanigeuzia mkono wake juu, akanionyesha pale penye mikunjo ya kifundo. Chini kuna mifupa midogo iliyopangika kama sakafu ya mtaro. Juu yake umetandazwa utepe mgumu usiovutika. Ndani ya mtaro huo hupita kano 9 zinazokunja vidole, na katikati ya kano hizo unapita huo mshipa wa fahamu. Mimi nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu ni njia ya lastiki. Kiunoni mwa kaptula unashona njia, unapitisha lastiki. Ukishona njia nyembamba ukapitisha lastiki nene, vitu havitembei, na kilicho laini zaidi ndicho kinachoumia. Kano zikinona kidogo kwa kazi, au maji yakijaa mle ndani, njia haipanuki. Mshipa ndio laini.

Na kwa nini usiku? Hilo lilikuwa linanisumbua, kwa kuwa mchana nikishona sisikii sana. Akaniambia nionyeshe ninavyolala. Nikamwonyesha: kwa ubavu, mikono imekunjwa kifuani, vifundo vimepinda kuelekea ndani kama paka aliyeficha makucha. Kumbe kifundo kikipinda hivyo, au kikipinda kwa nyuma, ile njia huminyika na msukumo ndani yake hupanda. Mchana ukipinda mkono unapinda kwa dakika, ukisikia vibaya unaunyoosha. Usingizini unaweza kuupinda saa nzima na hakuna wa kukunyoosha. Halafu mwili ukilala, maji yaliyokuwa miguuni siku nzima husambaa, na mikono nayo hupata sehemu yake.

Akanipima. Kwanza niliunganisha migongo ya mikono, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa kabisa, naye akatazama saa kwa sekunde 60. Yangu haikufika 30, sisimizi walishaanza. Pili akaligongagonga eneo la mkunjo kwa ncha ya kidole, na pigo moja likanipiga shoti mpaka ncha ya kidole cha kati. Tatu akaminya pale pale kwa gumba lake. Alisema wazi kwamba vipimo hivi hukosea: wako wenye ugonjwa ambao hawashtuki, na wako wazima wanaoshtuka kidogo. Kwake yeye hadithi ya mtu na ramani ya vidole vina uzito zaidi. Kuna kipimo cha umeme kinachopima jinsi habari inavyopita kwenye mshipa, nacho angeniandikia kama hadithi ingekuwa na utata au kama tungekuwa tunazungumzia upasuaji.

Lakini hakuishia kwenye mkono, na hili nilimheshimu. Akanigeuza shingo huku na huku akaangalia kama ganzi inatoka huko. Akaniuliza miguu ikoje. Akanitazama mikono yote mpaka mabegani kama nina baka lolote lisilohisi, akaligusa kwa pamba alama moja ya kuungua na pasi, kwa sababu ukoma nao huanza na mishipa ya fahamu na haujaisha nchini. Akaniuliza kama nina mimba, nikacheka, kwa miaka yangu 47! Akasema wajawazito wengi hupata ganzi hii hii, na wengi wao huwaondoka baada ya kujifungua. Akanituma maabara nikapime sukari na tezi la shingo, maana vyote viwili vikiharibika huidhuru mishipa hii. Vyangu vilikuwa sawa. Shoga yangu niliyemsimulia habari hizi akasema basi na yeye ana kapal tanel, kumbe yeye ganzi yake ilianzia nyayo zote mbili na ikapanda. Alipopima sukari ya asubuhi kabla ya kula, ikasoma 13. Ramani yake haikufanana na yangu, na kama angenunua kifaa changu angekuwa amefunga mkono huku ugonjwa uko kwenye damu.

Sasa nije kwenye hicho kifaa, maana ndipo nilipopoteza wiki nzima.

Tiba ya kwanza ilikuwa splinti ya kuvaa usiku. Ni kama glavu isiyo na vidole, ya kitambaa kigumu, ina mikanda mitatu ya kubandika, na upande wa kiganja kuna mfuko mwembamba wenye bapa la alumini. Nikainunua duka la vifaa vya tiba, nikaivaa usiku wa kwanza kwa imani zote. Saa nane nikaamka. Usiku wa pili nikaamka. Siku ya saba nilikuwa nimeshaamua kwamba nimetupa pesa.

Nikairudisha kwa yule kijana niwe na ushahidi wa malalamiko yangu. Hata hakuniuliza neno. Akaingiza vidole kwenye ule mfuko, akalichomoa bapa, akalilaza juu ya meza. Likawa linacheza kama mtumbwi. Lilikuwa limepindwa kwenda juu, kiasi cha kuuinua mkono kama mtu anayesimamisha gari.

"Hii imepindwa kwa ajili ya mkono wa kazini," akasema. "Mtu akishika kitu, kifundo huinuka kidogo. Sisi tunataka mkono wa usingizini. Unyooke tu."

Kumbe splinti nyingi za kununua huja na mpindo huo. Kwa aliyeteguka mkono hauna neno, lakini kwa mtu wa njia iliyobana unatosha kuendelea kubana, tofauti ni kwamba sasa unabanwa ukiwa umefungwa. Akalikandamiza bapa ukingoni mwa meza, akalipindua, akalikandamiza tena, mpaka likalala bila kucheza. Akalirudisha mfukoni, akanivalisha. Nikatoa rula yangu ya fundi kwenye mkoba nikaiweka juu ya mkono, kutoka katikati ya kigasha mpaka kwenye fundo la kidole cha kati. Rula ikalala sawa. Kabla ya hapo ingekuwa imeacha pengo kubwa pale kwenye kifundo.

Akanionyesha mengine mawili. Mwisho wa splinti kwenye kiganja usivuke ule mkunjo ambapo vidole huanzia kukunjika. Nikivaa niweze kufumba ngumi kamili, la sivyo vidole vitaamka vimekakamaa. Na mikanda nisiikaze kama natia mzigo kamba. Kidole kimoja kipite chini yake. Mimi nilikuwa naikaza kwelikweli, nikidhani nguvu ndiyo dawa, na mkanda wa katikati ulikuwa unalala juu ya mahali pale pale panapobanwa.

Usiku wa kwanza na bapa lililonyooka niliamka mara moja badala ya mbili. Nilikuwa na kipande cha chaki ukutani karibu na kitanda, kila nikiamshwa na mkono napiga mstari. Wiki ya kwanza mistari 9. Wiki ya tatu mistari 4. Wiki ya sita mstari mmoja. Aliniambia mapema kwamba nisihukumu kabla ya wiki sita, na kwamba si kila mtu hupona kwa splinti. Wengine hufika wiki ya sita wakiwa pale pale na ndipo huangaliwa njia nyingine. Mchana alinikataza kuivaa kazini. Mkono unaoshona huku umefungwa hupigana na splinti, unatumia nguvu zaidi, na bega linaingia kazini kufidia.

Joto ndilo lililonitesa. Ilikuwa kaskazi, Januari, Tanga yote imelowa jasho, halafu mimi navaa glavu nzito. Upele ukanitoka. Nikakata soksi nyepesi ya pamba ya mwanangu sehemu ya kidole, nikaitanguliza ndani, na nikashona ya pili ya kubadilisha. Ufundi ulinisaidia hapo.

Splinti ililinda usiku. Mchana ulibaki kwangu. Kijana alinipa zoezi ambalo naona lilizidi maneno yake yote: nimwambie mtu anirekodi kwa simu nikiwa kazini bila kunitahadharisha. Binti yangu akanirekodi. Tukakaa jioni tukatazama, na nikaona aibu kama vile natazama mtu mwingine.

Nilikuwa nakata sakafuni. Wengi wetu tunakata hivyo: kitambaa kimetandazwa juu ya mkeka, fundi amepiga magoti, mkono wa kulia una mkasi, na mkono wa kushoto umeegemea chini kushikilia kitambaa. Kwenye picha mkono wa kulia ulikuwa umepinda kwenda ndani tangu mwanzo wa mkato hadi mwisho, kwa sababu kitambaa kiko chini na mimi niko juu yake. Kila nikifumba mkasi, kano zote zile zinavutwa zikiwa zimepinda konani. Lakini kilichonishtua ni mkono wa kushoto. Uzito wangu wote wa juu ulikuwa umelalia kitako cha kiganja cha kushoto, pale pale ilipo ile njia. Mkono huo haukuwa ukishika mkasi, nami nilikuwa najiuliza kwa nini nao umeanza kutembelewa na sisimizi tangu Desemba. Jibu lilikuwa kwenye simu ya mtoto.

Halafu tabaka. Ili niwahi, nilikuwa napanga tetroni tabaka 8 na kukata kwa mpigo. Mkasi wenyewe butu. Kwa kila mkato nilikuwa naonekana nauma meno.

Nilichobadilisha si kingi. Nikamwita seremala anitengenezee meza ya kukatia, ubao tu na miguu, kimo cha kiuno changu nikiwa nimesimama. Nikisimama mbele yake, mkono unakwenda mbele umenyooka na makali ya chini ya mkasi yanateleza juu ya ubao, sina haja ya kuubeba uzito wake. Tabaka zikashuka hadi 3. Yule mzee anayenoa visu kwa baiskeli akipita, mkasi wangu anauona kila wiki mbili, na nilimwambia aulegeze msumari wa katikati kidogo na kuutia mafuta ya cherehani, maana ulikuwa umekazwa mno na kila kufungua kulikuwa ni kazi. Kwenye matundu ya gumba na vidole nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ukapanuka ushikaji na chuma kikaacha kunikata.

Pindo na vifungo vya mkono vilikuwa na tatizo lake. Sindano ni nyembamba, unaishika kwa kubana gumba na shahada kwa nguvu usiyoijua, na unaweza kukaa saa mbili hujainua kichwa. Hapo sikuwa na meza ya kununua. Nikaanza kupiga pindo sketi nne, kisha nakwenda kwenye cherehani nashona mshono mrefu, kisha narudi. Kazi ni ile ile, imegawanywa tu isiushike mkono muda mrefu kwa namna moja.

Nyumbani pia. Mbuzi ya nazi nimemwachia binti, au nachukua nazi iliyokunwa kwa mashine sokoni Mgandini, na bibi yangu angekuwa hai angenisema kwamba tui lake halina ladha. Kukamua mashuka kwa kuyasokota nimeacha, nayaanika yanachuruzika. Baiskeli sikuacha, mtu wa Tanga hawezi kuachishwa baiskeli, lakini fundi aliinua usukani vidole viwili na kurudisha tako la kiti chini kidogo, kwani kilikuwa kimeinamia mbele na kunimwagia uzito wote viganjani. Sasa nikienda Makorora mikono haifiki imekufa.

Kijana hakuniahidi kwamba mabadiliko haya yangeniponya. Alisema uhakika wa splinti ni mkubwa kuliko uhakika wa meza, kwamba kazi ni sababu mojawapo na kwa wengine si sababu kabisa. Mimi nasema tu nilichokiona kwenye ukuta wangu wa chaki.

Sasa, ukuta huo ulinidanganya mwezi wa tatu. Mistari ilikuwa imekwisha, Ramadhani ikaingia, na kumi la mwisho watu wakaleta nguo za Idi. Splinti niliitia kwenye droo ya vifungo. Nikashona madera, nikapiga pindo za mkono usiku baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, siku tisa mfululizo. Idi pili niliamka na mkono mzima umelala, nikaukung'uta, haukuamka kwa dakika mbili tatu kama zamani. Ulichukua karibu nusu saa. Mchana nao, nikishika simu sikioni, shahada linakufa.

Nilirudi nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alinilaza kiganja juu, akaniambia ninyanyue gumba lielekee dari, naye akalisukuma chini. Nikamzuia. Akalinganisha vile vinyama vilivyo chini ya magumba, cha kulia na cha kushoto, akavishika kama anayechagua embe. "Bado vimejaa," akasema, na sura yake ikalegea.

Nilielewa alichokuwa akikitafuta, kwa sababu nimekiona kwa jirani yangu, mzee anayeshona makoti. Yeye alikaa na ganzi yake miaka. Ilipofika mchana na usiku bila kuondoka alisema nafuu, sasa hainiamshi. Haikuwa nafuu, ni mshipa uliokuwa ukifa. Kile kinyama chini ya gumba lake kimezama, pana shimo ungeweza kuweka punje ya kunde. Alipopasuliwa, kwa sindano ya ganzi ya mkononi tu, ule utepe wa juu ukakatwa ili njia ipanuke, na maumivu ya usiku yalikwisha wiki ile ile. Lakini gumba halikurudi. Hadi leo vifungo vya koti anatiwa na mjukuu.

Mimi daktari alinichoma sindano ya steroidi karibu na kifundo, mkono wa kulia tu, baada ya kupima tena sukari kwa kuwa dawa hiyo huipandisha kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari. Sindano yenyewe ni ya dakika moja na inauma kama sindano. Aliniambia nikisikia shoti ya ghafla vidoleni nimwambie papo hapo asimame, kwani sindano haitakiwi iguse mshipa wenyewe. Siku mbili mkono uliuma kuliko kabla. Ndani ya siku kumi ukanyamaza. Alinitahadharisha kwamba mara nyingi sindano hii huwahi kuleta nafuu kuliko splinti lakini nafuu yake kwa wengi hufifia baada ya miezi, na kwamba nikijikuta narudi kwake mara kwa mara kuomba nyingine, mazungumzo yatahamia kwenye upasuaji. Mkono wa kushoto haukuhitaji sindano. Uliridhika na splinti na kuacha kuegemewa.

Splinti imetoka kwenye droo ya vifungo. Inaning'inia kwenye msumari karibu na futi kamba. Siivai kila siku sasa; naivaa wiki za kazi nyingi, na usiku wowote ambao mchana wake vidole vilinigusia kitu. Msimu uliopita nilipokea sketi 50, nyingine nikampelekea fundi wa barabara ya jirani, na mama mmoja wa shule hajanisamehe.

Juzi niliamka saa nane usiku. Binti yangu akasikia kitanda kikilia, akaja mlangoni na taa ya simu. "Mama, mkono?" Nilikuwa nakwenda kunywa maji.